Doksazosini ya kwanza, sildenafili ya saa 3 usiku: uchambuzi wa kisa kimoja cha Bukavu

Mgonjwa ambaye kisa chake kinachambuliwa hapa ni mwalimu mstaafu wa miaka 66, mkazi wa Kadutu mjini Bukavu. Nitamwita Papa Amani, jina ambalo si lake, na mambo mengine ambayo yangeweza kumtambulisha yamebadilishwa. Aliletwa hospitalini muda mfupi baada ya saa 6 usiku na mwanawe wa kwanza pamoja na jirani mmoja, akiwa na jeraha dogo juu ya nyusi ya kushoto na fahamu zake zote. Mwanawe alieleza kwamba baba aliamka kiasi cha saa 5 na nusu kwenda chooni, ambako ni nje uani kama ilivyo katika nyumba nyingi za mtaa huo. Umeme ulikuwa umekatika, na watu wa nyumbani wakasikia kishindo. Walimkuta chini, suruali ikiwa imefunguliwa nusu, uso umelowa jasho la baridi. Alizinduka kabla hawajamaliza kumwinua. Walipomsimamisha ili atembee, akalegea tena, na hapo ndipo walipotafuta gari.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililotupa mwelekeo wa kwanza. Mtu aliyejikwaa gizani huanguka mara moja na baada ya hapo hulalamika maumivu, lakini yule ambaye hupata nafuu akilazwa na kulegea kila anaposimamishwa anaonyesha kwamba damu haifiki kichwani akiwa wima. Kwa hiyo muuguzi alimpima shinikizo la damu, au tansio kama tunavyozoea kusema huku kwetu, akiwa amelala kwa dakika 5, kisha akiwa amesimama huku ameshikwa pande zote mbili. Akiwa amelala lilikuwa 116 kwa 68. Baada ya dakika 1 ya kusimama lilishuka hadi 84 kwa 52, akasema macho yanamfifia, akalazwa tena bila kungoja dakika ya 3. Kwa kawaida tunahesabu kuwa kuna tatizo pale ambapo namba ya juu inashuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama. Yeye alishuka kwa 32 na 16, na mapigo ya moyo yaliongezeka kutoka 76 hadi 90 tu.

Sukari ya damu ilikuwa sawa, hakuwa na homa, hakuwa ametapika wala kuharisha, kinyesi hakikuwa cheusi, na kipimo cha umeme wa moyo hakikuonyesha mshtuko wa moyo wala mapigo yaliyoparaganyika. Hakuwa na udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Jeraha lilisafishwa na kushonwa nyuzi chache. Alilazwa chali, miguu ikainuliwa juu ya mto, akawekewa nusu lita ya maji ya chumvi kwa mshipa polepole, na kufikia saa 8 usiku shinikizo akiwa amelala lilikuwa limepanda hadi 124 kwa 74. Kwa upande wa matibabu ya dharura, kazi ilikuwa imekwisha. Lililobaki, na ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, lilikuwa kujua kwa nini mtu ambaye kitabu chake cha kliniki kinaonyesha 138 kwa 84 mwezi baada ya mwezi ameangukia 84 usiku mmoja.

Dawa tatu ambazo hazikutajwa pamoja

Katika kitabu chake zilikuwa zimeandikwa dawa mbili: amlodipini miligramu 5 kila asubuhi kwa ajili ya shinikizo la damu, na tamsulosini miligramu 0.4 kila siku kwa ajili ya tezi dume iliyovimba, ambayo amekuwa akiitumia kwa miaka miwili. Mwanawe alisema baba hanywi kitu kingine. Mke wake, aliyefika baadaye, alisema vivyo hivyo. Ilibidi kungoja hadi watu watoke chumbani. Muuguzi wa zamu, mama mwenye umri wa kutosha kumuuliza mzee bila kumvunjia heshima, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Papa, nisamehe nikikuuliza. Dawa za tansio na za mkojo tumeziona. Je, jana usiku hukumeza kidonge kingine, hata kile ambacho mtu hakitaji mbele ya watoto? Ninauliza kwa sababu kuna dawa ambazo tukikupa bila kujua, zinaweza kukuua."

Alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mama, nilimeza kile cha nguvu. Lakini nimekuwa nikikimeza tangu mwaka jana na sijawahi kuanguka."

Majibu hayo mawili yana uzito sawa. La kwanza lilitueleza kwamba sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, ilikuwa mwilini, na kwa hiyo endapo angelalamika maumivu ya kifua asingepewa kabisa trinitrini wala nitrati nyingine yoyote. Nitrati juu ya sildenafili hushusha shinikizo kwa namna ambayo inaweza kuua, na hukatazwa hadi saa 24 zipite baada ya sildenafili, au saa 48 baada ya tadalafili, dawa nyingine ya kundi hilohilo. La pili lilitueleza kwamba sildenafili peke yake haitoshi kueleza kisa. Mzee alikuwa anasema kweli: kwa miezi mingi alikuwa ametumia kidonge cha miligramu 50 mara chache kwa mwezi, akiwa kwenye tamsulosini na amlodipini, bila hata kizunguzungu. Kitu fulani kilikuwa kimebadilika.

Mwanawe alitumwa nyumbani akalete dawa zote, pamoja na zile zilizofungwa katika karatasi. Alichorudi nacho kilimaliza mjadala. Pakiti ya tamsulosini ilikuwa tupu. Kando yake kulikuwa na bahasha ndogo ya karatasi yenye vidonge vyeupe, na juu yake yameandikwa kwa kalamu maneno "doksazosini 4, usiku, mkojo". Mzee alieleza kwamba kapsuli zake ziliisha, akazunguka kwenye maduka ya dawa bila kuzipata, akakaa siku 6 bila dawa huku mkojo ukizidi kumsumbua usiku, mpaka muuza dawa mmoja alipomwambia kwamba anacho kidonge kingine kinachofanya kazi ileile na kwa bei nafuu. Siku hiyohiyo, katika duka hilohilo, aliomba pia kidonge chake cha nguvu. Cha 50 hakikuwapo, akauziwa cha 100.

Alimeza doksazosini ya kwanza maishani mwake saa 2 usiku, baada ya chakula chepesi na vikombe viwili vya kasiksi, pombe ya ndizi. Saa 3 usiku akameza sildenafili nzima ya 100. Saa 5 na nusu kibofu kikamwamsha.

Kwa nini shinikizo lilianguka

Mtu anaposimama kutoka kitandani, nusu lita ya damu au zaidi huteremka ghafla kwenye miguu na tumbo kwa uzito wake yenyewe. Mwili hutambua upungufu huo kupitia vihisio vilivyo shingoni na juu ya moyo, na ndani ya sekunde chache mishipa ya fahamu humwaga noradrenalini kwenye kuta za mishipa ya damu. Noradrenalini hushika vipokezi vinavyoitwa alfa-1, misuli ya kuta hujikaza, mishipa hupungua upana, na damu husukumwa kurudi juu. Hatuhisi chochote kwa sababu kazi hiyo hufanyika upesi.

Vipokezi vya alfa-1 viko pia kwenye tezi dume na kwenye shingo ya kibofu, ambako vikichokozwa hubana njia ya mkojo. Vidonge vya kuzuia alfa hutumika kwa wazee wenye tezi iliyovimba kwa sababu hulegeza mbano huo. Lakini havifanani. Tamsulosini huelekea zaidi kwenye aina ya vipokezi iliyojaa katika tezi, na kwa kiasi kidogo kwenye ile ya mishipa ya damu, kwa hiyo kushusha shinikizo kwake ni kudogo kwa watu wengi. Doksazosini haichagui. Hushika vipokezi vya tezi na vya mishipa kwa nguvu inayokaribiana, na kwa kweli imetumika kwa miaka mingi kama dawa ya shinikizo la damu. Kusema kwamba hizi mbili zinafanya kazi ileile ni sahihi kwa upande wa mkojo, lakini kwa mtu anayeamka usiku na kusimama ni jambo la hatari.

Kwa sababu hiyo doksazosini haianzwi kwa miligramu 4. Huanzwa kwa miligramu 1, ikiwezekana wakati wa kulala, na kuongezwa hadi 2 baada ya wiki 1 au 2, kisha 4 baada ya muda kama huo. Katika siku za kwanza mwili haujajipanga upya, na shinikizo linaweza kuanguka vibaya mtu anaposimama, hasa kati ya saa 2 na saa 6 baada ya kumeza. Baada ya muda mwili hujizoeza na hali hiyo hupungua, lakini mazoea hayo hupotea. Aliyeacha dawa kwa siku kadhaa hurudishwa kwenye miligramu 1, hata kama awali alikuwa kwenye 4 au 8. Papa Amani hakuwa amewahi kuitumia, na hata kinga kidogo ambayo tamsulosini ingekuwa imempa ilikuwa imepungua kwa siku 6 za kukaa bila dawa.

Sildenafili huja kwa njia nyingine. Mwili hutengeneza nitriki oksidi, ambayo huamsha ndani ya misuli ya mishipa kemikali ya kuilegeza, na kimeng'enya kiitwacho PDE5 huivunja kemikali hiyo ili mshipa urudi katika hali yake. Sildenafili, tadalafili na vadenafili huzuia kimeng'enya hicho. Matokeo yanayotafutwa ni kwenye uume, lakini PDE5 iko pia katika mishipa ya mwili mzima, kwa hiyo shinikizo hushuka kidogo kila mahali. Kwa mtu ambaye mishipa yake inaweza kujikaza, upungufu huo mdogo hufidiwa. Kwa mtu ambaye uwezo huo umezuiwa na doksazosini masaa machache kabla, hakuna cha kufidia. Dawa moja imelegeza mishipa, na nyingine imezuia amri ya kuikaza.

Tukizipanga saa za usiku ule, tunaona jinsi mambo yalivyokutana. Doksazosini iliyomezwa saa 2 usiku hufikia kilele katika damu baada ya saa 2 au 3 hivi, yaani kati ya saa 4 na saa 5. Sildenafili iliyomezwa saa 3 usiku bila chakula kizito hufikia kilele baada ya saa 1 hivi, yaani saa 4. Kwa mtu aliyepita miaka 65 kiasi kinachobaki katika damu ni kikubwa kuliko kwa kijana, kwa sababu ini huiondoa polepole zaidi. Mpaka saa 5 na nusu usiku, dawa zote mbili zilikuwa bado karibu na nguvu zake za juu kabisa.

Hapo ndipo mkojo ulipoingia. Mzee mwenye tezi dume huamka usiku kukojoa. Akitoka kitandani kwenye joto na kusimama mara moja, damu inateremka, na kibofu kilichojaa kinapofunguka, mwili wenyewe hulegeza mishipa na kupunguza mapigo kwa muda mfupi. Hata watu wasio na dawa yoyote huzimia kwa namna hiyo mara mojamoja. Kasiksi iliongeza mkojo na kulegeza mishipa zaidi. Ninalisisitiza hili kwa sababu katika kuwashauri wagonjwa wetu mara nyingi tunazungumza kana kwamba hatari iko wakati wa tendo la ndoa, ilhali kwa wanaume hawa hatari kubwa mara nyingi iko saa 1 au 2 baadaye, wakiwa wamesimama chooni gizani.

Kuna swali ambalo daktari mwenzetu kijana aliuliza asubuhi, nalo ni la haki: je, kosa si kipimo cha 100 tu? Jibu langu ni kwamba kilichangia, lakini si chanzo kikuu. Kuna majaribio yaliyofanywa kwa watu waliokwisha kutulia kwenye doksazosini ya miligramu 4 au 8, wakapewa sildenafili ya 25, 50 au 100. Shinikizo wakiwa wamelala lilishuka zaidi kwa wastani wa kati ya 7 na 9 kwa namba ya juu. Wachache walipata kizunguzungu waliposimama, lakini kuzimia hakukuripotiwa. Namba hizo ni za watu waliozoea. Ukichukua mtu asiyezoea, ukampa kwa mara ya kwanza mara 4 ya kipimo cha kuanzia, na sildenafili mara 4 ya ile ya 25 anayopaswa kuanza nayo, hauko tena ndani ya majaribio hayo. Na Papa Amani mwenyewe alikuwa ushahidi: tamsulosini iliyotulia pamoja na sildenafili ya 50 haikumwangusha hata mara moja.

Kutenganisha saa kunasaidia wapi

Ushauri unaosikika sana, hata kwa wauza dawa wazuri, ni kwamba "uache saa 4 kati ya kidonge cha tezi na kile cha nguvu". Ushauri huo una msingi. Sildenafili ya zaidi ya miligramu 25 haifai kumezwa ndani ya saa 4 za kidonge cha kuzuia alfa, kwa sababu muda huo hutosha kutenganisha vilele viwili ili visiangukiane. Kwa vadenafili muda unaoshauriwa ni saa 6, isipokuwa pale ambapo kidonge cha alfa ni tamsulosini au alfuzosini, ambazo haziwalazimu watu waliotulia kufuata mwachano huo. Lakini mtu anayeshika namba ya 4 bila kujua inahusu nini anaweza kujidanganya.

Tazama muda ambao dawa inakaa mwilini. Sildenafili hupungua kwa nusu kila saa 4 hivi. Iliyomezwa saa 3 usiku, nusu yake inabaki saa 7 usiku, robo saa 11 alfajiri, na asubuhi saa 3 imebaki sehemu moja ya nane. Kwa dawa ya aina hii, kuacha saa kuna maana halisi. Doksazosini hupungua kwa nusu baada ya saa 22 hivi. Aliyeimeza jana saa 2 usiku, leo jioni bado ana karibu nusu yake mwilini kabla hata hajameza ya leo. Saa 4 zitamwepusha na kilele, lakini hazitamtoa doksazosini mwilini, na hakuna idadi ya saa katika siku moja itakayofanya hivyo. Anayelindwa hapa ni yule ambaye mwili wake umeizoea dawa kwa wiki kadhaa na shinikizo lake la kusimama limepimwa. Kutenganisha saa ni ulinzi wa pili, hauwezi kuchukua nafasi ya ule wa kwanza.

Tadalafili inaonyesha mpaka huo waziwazi zaidi. Yenyewe hupungua kwa nusu baada ya saa 17 na nusu hivi, na watu huipenda kwa sababu hiyo, kwa kuwa haiwafungi kwenye saa. Ukiiweka pamoja na doksazosini, una dawa mbili ndefu ambazo hazitenganishiki, na kushuka kwa shinikizo kunaweza kuendelea kwa saa 12 au zaidi. Mchanganyiko huo wa tadalafili na doksazosini haushauriwi, na mimi siutoi. Tadalafili pamoja na tamsulosini ni jambo jingine: huwezekana kwa mtu aliyetulia, kwa kuanza na kipimo kidogo kabisa.

Kuna pia hali ambapo saa zote hupoteza maana kwa sababu dawa ya tatu imezuia ini kuiondoa sildenafili. Ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi, huipandisha sana hivi kwamba kipimo kisichopaswa kuzidi ni miligramu 25 ndani ya saa 48. Erithromaisini, klarithromaisini na ketokonazoli nazo huipandisha, na za namna ya ketokonazoli huipandisha tamsulosini pia. Tulimuuliza Papa Amani kuhusu hizo kwa faragha, na hakuwa na hata moja.

Mpango alioondoka nao

Asubuhi saa 4, shinikizo akiwa amelala lilikuwa 130 kwa 78, na baada ya dakika 3 za kusimama 112 kwa 70. Kushuka kwa 18 bila kizunguzungu hakufiki kiwango cha tatizo, lakini kulituonyesha kwamba doksazosini ya usiku ule ilikuwa bado inafanya kazi. Alibaki hadi jioni, akiamka kwanza kwa kukaa ukingoni mwa kitanda dakika 2 kabla ya kusimama.

Bahasha ya doksazosini iliondolewa. Familia ilipata tamsulosini katika duka jingine, na tukamwanzisha upya kwa miligramu 0.4, sasa asubuhi badala ya usiku, nusu saa baada ya chakula cha asubuhi na saa ileile kila siku. Chakula hapa kina kazi yake: tamsulosini ikimezwa tumbo likiwa tupu, kilele chake katika damu hupanda kwa asilimia 40 hadi 70, na mzee anayemeza kapsuli kabla ya chai kisha akapanda mlima wa Kadutu anaweza kupata kizunguzungu hata bila sildenafili. Ikimezwa baada ya chakula, kilele huja saa 6 au 7 baadaye, yaani mchana, akiwa macho na kwenye mwanga. Usiku unabaki kuwa upande wa mteremko wa dawa hiyo. Kapsuli haifunguliwi wala kutafunwa, kwa sababu imetengenezwa kuachilia dawa polepole.

Amlodipini haikuguswa. Nayo hukaa mwilini muda mrefu mno, kwa hiyo kuhamisha saa yake hakungesaidia kitu, na shinikizo lake la kawaida lilihitaji dawa hiyo.

Sildenafili ilisimamishwa kwa wiki 2. Katika wiki hizo alipimwa mara mbili akiwa amelala na akiwa amesimama, na mara ya mwisho alitoka 136 hadi 128 kwa namba ya juu. Ndipo aliporuhusiwa kuanza upya kwa miligramu 25, si 50 aliyokuwa akiitumia zamani, kwa sababu kwa upande wa usalama tulimhesabu kama mtu anayeanza. Alielezwa ameze mara moja tu ndani ya saa 24, jioni, wakati ambapo tamsulosini ya asubuhi imekwisha kupita zaidi ya saa 10. Alielezwa pia kwamba akila chakula chenye mafuta mengi kidonge huchelewa kwa saa 1 hivi, na kuchelewa huko si sababu ya kumeza cha pili. Watu wengi wanaofika kwenye miligramu 100 au 200 bila kukusudia hufika kwa njia hiyo. Kwa sababu vidonge vya 25 havipatikani kila mara, tulikubaliana anunue vya 50 vilivyo katika pakiti yake na kukata nusu. Vile vinavyouzwa kimojakimoja bila pakiti, na unga wa "nguvu" unaodaiwa kuwa wa mitishamba, tulimkataza kwa sababu mahususi: imeshuhudiwa mara nyingi katika nchi mbalimbali kwamba bidhaa za namna hiyo huwa na sildenafili yenyewe ndani, kwa kiasi ambacho hakuna anayekijua, na hesabu yote ya saa na miligramu inakuwa haina msingi.

Usiku wa sildenafili hatumii kasiksi wala bia. Anaweka ndoo chumbani na kukojoa akiwa amekaa. Mwanzoni alilipinga hilo la kukaa, akisema kwamba si namna ya mwanaume, na muuguzi yuleyule akamwambia: "Papa, ni usiku mmoja mmoja tu, na mama atafurahi kukuona umeamka salama." Akakubali.

Kwa siku ambayo tamsulosini itakosekana tena, kwa kuwa itakosekana, aliandikiwa maelekezo kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu chake, ili muuza dawa yeyote ayasome. Asipewe doksazosini, terazosini wala prazosini kama mbadala wa moja kwa moja. Kama hakuna njia nyingine, doksazosini ianze kwa miligramu 1 wakati wa kulala, na sildenafili isimame kabisa mpaka kipimo kifikie mahali pake na shinikizo la kusimama lipimwe. Na kama amekaa siku kadhaa bila tamsulosini, asubiri wiki 2 za kuimeza kila siku kabla ya kurudia kidonge cha jioni.

Alirudi baada ya wiki 6. Miligramu 25 zilimtosha mara nyingi, na mara mbili zilipungua. Aliomba kurudi kwenye 50, na kwa kuwa kipimo cha kusimama siku ile kilikuwa 130 kwa 80 bila dalili yoyote, tulimruhusu. Aliuliza pia kuhusu tadalafili ya miligramu 5 ya kila siku, ambayo rafiki yake wa Ibanda alimsifia kwamba hutibu tezi na nguvu kwa pamoja. Ni kweli kwamba kipimo hicho hutumika kwa mambo yote mawili, lakini kuiongeza juu ya tamsulosini kwa ajili ya tezi hakushauriwi. Angelazimika kuchagua moja, kwa sababu tadalafili ya kila siku ingekuwa mwilini mwake usiku na mchana, jambo ambalo lingeondoa ile nafasi ya saa 10 tuliyoijenga kati ya asubuhi na jioni. Mkojo wake ulikuwa umetulia kwenye tamsulosini, akaamua kubaki nayo.